Barua Tano za Kujitambulisha

Mume wangu alikuwa tarishi wa ofisi moja hapa Kasulu. Alipofariki, nilibaki na binti wa marehemu dada yangu, aliyekuwa amemaliza chuo kikuu, uhandisi wa maji. Mwaka mzima alikaa nyumbani. Kambi za wakimbizi zilikuwa zinachimbiwa visima, na mafundi wote walikuwa wanafahamiana. Yeye hakumfahamu hata mmoja.

Akaandika barua tano kwa wahandisi. Mimi niliishia darasa la saba, lakini aliniomba nizisome.

Ya kwanza, kwa mhandisi wa Kibondo, ilianza hivi: "Mambo vipi, bosi? Nasikia wewe ndiye mwenye maji huko. Nifanyie mpango basi." Baada ya hapo kurasa mbili za habari zake.

"Huyu mlicheza naye rede?" nikamuuliza.

"Mama mdogo, siku hizi watu hawapendi mambo ya shikamoo kwenye barua."

"Baba yako mdogo alikuwa anasema barua ndefu husubiri siku ya nafasi, na bosi hana siku hiyo. Halafu humjui mtu, tayari unamdai kazi. Omba kwanza kufahamiana."

Alicheka, akachukua karatasi nyingine. Tukakata mpaka ikabaki mistari michache: yeye ni nani, amemjuaje, anaomba nini. Tulipofika kwenye "amemjuaje", akaandika kuwa baba yake mdogo alikuwa rafiki wa mhandisi.

"Hapana. Alikuwa anampelekea barua tu."

"Ukiandika tarishi, nani atajibu?"

"Basi asijibu. Marehemu simsingizii urafiki."

Alinuna, kisha akaandika nilivyosema:

"Ndugu Mhandisi, shikamoo. Mimi ni mhitimu wa uhandisi wa maji, naishi Kasulu. Marehemu baba yangu mdogo alikuwa tarishi aliyekuletea barua ulipokuwa ukifanya kazi hapa. Ningependa kukufahamu na kujifunza jinsi mnavyochagua mahali pa kuchimba kisima. Ukiwa na nafasi, naomba nusu saa, siku utakayopanga wewe. Ukikosa nafasi, nitaelewa. Nashukuru kwa kunisoma."

Zile nne nazo tuliziandika upya, kila moja kwa kazi ya mwenyewe. Watatu hawakujibu. Mmoja alijibu kwamba yuko likizo.

Wa Kibondo alijibu baada ya wiki tatu. Alimwambia binti aende Alhamisi, avae viatu vya kukanyagia tope. Chini akaongeza: "Namkumbuka tarishi yule. Hata mvua ikinyesha alishuka kwenye baiskeli, akanipa barua kwa mikono miwili. Sikuwahi kumuuliza jina, na hilo linanisikitisha. Mpe pole mama."

Binti alinisomea polepole, mara mbili.

Alhamisi alipanda gari la Kibondo asubuhi. Kazi hakupewa siku ile, na hakuiomba. Alirudi na majina ya wahandisi wawili ambao mwenyeji wake alisema atawataarifu kwamba barua zake zinakuja. Mimi nilimshukuru Mungu kwa yote, zaidi kwa mtu wa mbali aliyemkumbuka mume wangu jinsi alivyokuwa.