Nyota za Dalali Dakika Tano

Mtaa mzima ulimwita Haikupendezi, na jina hilo alilichuma kwa mdomo wake mwenyewe. Wasusi wengine wakikumaliza wanakushikisha kioo na kukuapia kwamba umekuwa malkia. Yeye akikumaliza anarudi hatua mbili nyuma, anakunja shingo, anakutazama kama anayekagua ukuta uliopigwa plasta na fundi mlevi, kisha anatamka: "Hii haikupendezi. Kaa, nifumue." Na anafumua bure, huku anakulaumu kwa kuchagua mtindo wa shemeji yako.

Mara chache sana, labda kwa bibi harusi mmoja katika kumi, alisema, "Hii imekupendeza." Mwanamke aliyeambiwa hivyo alitembea mtaani wiki nzima bila kufunga kitambaa.

Kwa hiyo saluni yake ilijaa. Ilikuwa chumba kimoja chenye viti vitatu, feni moja iliyokuwa ikizunguka ikijisikia, na wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa akiosha vichwa na kupokea habari. Watu walikuja kusuka, lakini walikuja pia kuuliza: fundi gani wa bomba haibi, duka gani linapunja mizani. Akikusifu Haikupendezi, umesifika. Akikunyamazia, anza kufungasha.

Mtu mmoja tu alikuwa hajamtolea neno mwaka mzima, naye ni dalali wa nyumba aliyeitwa Dakika Tano. Kila nyumba aliyoitangaza ilikuwa dakika tano kutoka stendi. Iwe imeegemea stendi, iwe imejificha nyuma ya kilima na mto, kwake ni dakika tano.

Watu wa mtaa walikuwa na kundi lao kwenye simu, na baada ya kuumizwa na madalali walijiwekea utaratibu. Ukipata nyumba kupitia dalali, huruhusiwi kusema tu "yuko vizuri". Unajibu mambo manne: tangazo lake lilifanana na nyumba? Alikuonyesha nyumba kwa haki? Ada yake ilikuwaje? Na ulipokwisha kuhamia, simu yako alipokea? Halafu ndipo unatoa nyota. Haikupendezi alikuwa amepata nyumba anayoishi kupitia Dakika Tano, na kundi lilikuwa linamdai majibu yake tangu siku alipohamia.

"Bado naangalia," alikuwa akijibu. Kusema kweli alikuwa na mengi mno, hakujua aanzie wapi.

Basi ndipo mwenye jengo la saluni akauza jengo, na mnunuzi akampa Haikupendezi hadi mwisho wa mwezi awe ameondoa viti vyake. Alizunguka mtaa akitafuta fremu ya duka, yaani kachumba kenye mlango wa kufungukia barabarani, hadi soli zikamwisha. Wateja wake wengi walikuwa wazee na wajawazito. Akihamia mbali, amewapoteza. Iliyobaki karibu ilikuwa fremu moja tu, ile ya kona yenye kibaraza na kivuli, na ufunguo wake alikuwa nao nani? Dakika Tano.

Alikuja na shati la kola iliyopigwa pasi, nusu tu.

"Dada yangu, fremu ni yako," alisema akiketi bila kukaribishwa. "Kuna muuza vifaa vya simu anaililia, lakini mimi nimemwambia kuna dada yangu. Sasa na wewe usiniangushe. Lile neno la kwenye kundi, nipe nyota tano. Mimi udalali nakufutia kabisa."

"Na mwenye fremu ni nani?"

"Aa, huyo hapatikani. Yuko mbali. Mambo yote unamalizana na mimi."

Madalali ndivyo walivyo: mwenye mali wanamficha kuliko mume anavyoficha mshahara, maana mkikutana nyinyi wawili, yeye ana kazi gani tena?

Alipoondoka, wifi akaweka ndoo chini. "Mpe hizo nyota, wifi. Nyota zenyewe unabonyeza tu, hazina uzito."

"Zikishatoka mdomoni mwangu zina uzito."

"Viti navyo vina uzito, na tutavibeba kichwani."

Haikupendezi hakulala vizuri wiki ile. Aliogopa, na hakuona aibu kuogopa. Saluni ndiyo iliyokuwa ikilipa ada za watoto, na mshahara wa mumewe ulikuwa ukifika nyumbani umechoka kuliko mumewe. Mara nne alishika simu aandike nyota tano. Mara nne kidole kilikataa. Ya tano aliandika kabisa, akabakiza kubonyeza, ndipo mlangoni akasimama mama mmoja mtu mzima, mnene, mkoba kwapani, akiomba kusukwa mistari.

Akawekwa kitini. Hakuwa mtu wa mtaa ule. Alisukwa mistari miwili kimya, wa tatu akauliza: "Mwanangu, nasikia hapa kuna dalali wanamwita Dakika Tano. Nataka kumpa kazi. Ni mtu wa kuaminika?"

Wifi, kutoka kwenye beseni, alimkodolea Haikupendezi macho hadi yakakaribia kuanguka kwenye povu. Ujumbe ulikuwa wazi: sema ndiyo, ufunge mdomo. Neno la pale saluni jioni lingekuwa limemfikia dalali, na kesho fremu ingekuwa imejaa chaja za simu.

Haikupendezi alichana nywele polepole. Kisha akashusha kitana.

"Mama, mimi nitakwambia yote, ukayapime mwenyewe. Kwenye tangazo, ni mwongo. Picha ya nyumba yangu ilikuwa na tangi kubwa la maji. Nimehamia, tangi ni la jirani; yeye alisimama akalipiga picha juu ya ukuta. Akaandika kuna bustani. Bustani yenyewe ni chungu kimoja cha maua, amekuja nacho yeye, amepiga picha, ameondoka nacho."

"Chungu?" mama akasema.

"Anatembea nacho, mama! Angalia." Alifungua simu, akamwonyesha matangazo ya Dakika Tano. Chumba na sebule: chungu kipo kwenye ngazi. Nyumba ya familia: chungu kile kile dirishani. Ghala la kuhifadhia saruji: chungu mlangoni, kimechanua.

Mama akaivuta simu karibu na pua. "Hicho chungu kina pengo mdomoni?"

"Kina pengo, ndiyo. Umekionaje?"

"Endelea," mama alisema. Shingo ilikuwa imekaza hata mstari wa nne ukawa mgumu kushika.

"Kuonyesha nyumba: alinipeleka Jumapili. Kumbe ukuta wa pili ni karakana ya kuchomelea mageti, na Jumapili wamefunga. Jumatatu nilifikiri dunia inapasuliwa. Ada: alichukua hela ya kunionyesha, akasema itakatwa humo humo kwenye udalali. Haikukatwa. Nilipomuuliza akaniambia nina roho nzuri."

Wifi alicheka kwa pua, akajifanya anakohoa.

"Basi ni mwizi," mama alisema taratibu.

"Ngoja, sijamaliza. Kuna la nne." Haikupendezi alitamani angeliacha, maana umbea ulikuwa umenoga, lakini kupima nusu si kupima. "Nilipohamia, paa likavuja juu ya kitanda cha watoto. Mwenye nyumba akazima simu. Nikampigia huyu, nikijua hapokei. Udalali ameshakula, apokee ya nini? Akapokea. Akaenda akakaa kwenye ngazi ya mwenye nyumba tangu asubuhi, anamsalimia kila anayepita na kumweleza habari za paa langu, hadi yule baba akaona haya akaleta fundi. Na Dakika Tano akamshikia fundi ngazi. Hakuniomba kitu. Madalali wote ninaowajua, baada ya kuhamia wanakuwa marehemu. Huyu hakufa. Kwa hiyo tatu mbaya, moja nzuri sana. Nyota mbili, na ya pili nampa kwa ajili ya paa."

Alipokwisha sema, akajua la kufuata. Fremu imekwenda. Alifuta zile nyota tano kwenye simu, mbele ya mama, ili asipate nafasi ya kujuta.

 Mama akaanza kutikisika, na Haikupendezi akadhani analia.

"Mwaka mzima!" mama alipasuka, anacheka na kufoka kwa pamoja. "Mwaka mzima sisemeshani na jirani yangu! Kila nikiamka chungu hakipo kibarazani, jioni kimerudi. Nimemwita jirani mwizi mbele ya watu! Kumbe ni mwanangu!"

Wifi alidondosha kopo.

"Ndiyo, mwanangu wa kumzaa. Na fremu ya kona ni yangu. Aliniambia kuna msusi anaitaka, nikasema nije nimwone huyo msusi, na nimsikie anamsemaje. Yeye kodi amekwambia kiasi gani?"

Haikupendezi akataja. Mama akafumba macho.

"Mimi nimemtajia chini ya hapo. Ameweka cha juu. Na udalali mimi nimeshamlipa. Wewe amekufutia nini sasa, huyu mtoto?"

Akampigia simu. "Njoo saluni. Sasa hivi. Uko wapi?"

Simu ilikuwa kwenye spika, na saluni yote ilisikia sauti ya Dakika Tano: "Niko karibu, mama. Dakika tano."

Alifika baada ya wateja wawili kusukwa na kuondoka. Alipomwona mama yake mbele ya kioo, kichwa nusu kimesukwa maana alikataa kuguswa hadi mwanawe afike, na simu yenye chungu mkononi, aligeuka atoke. Mlangoni alikuwa wifi na ndoo yake.

Sitaeleza aliyoambiwa, mtu mzima kugombezwa na mama yake ni jambo la kusitiri. Itoshe kusema kwamba kodi ilirudi pale mama alipoitaja, ile hela ya kuonyeshwa ilirudi kwa mwenyewe, na Dakika Tano mwenyewe alimbebea mama yake mkoba hadi kwa jirani kuomba radhi. Nyota mbili zilipanda kwenye kundi siku ile ile, na mambo manne yote yameelezwa, paa likiwemo. Muuza vifaa vya simu alizisoma akasema, basi akivujiwa anajua wa kumpigia, akampa Dakika Tano kazi ya kumtafutia fremu nyingine.

Mwisho wa mwezi viti vitatu na feni vilihamia kona. Chungu kimewekwa kibarazani pale, kwa amri ya mama, kimefungwa kwa mnyororo wa baiskeli.

Siku moja mchana Dakika Tano alisimama mlangoni na simu mkononi, akisubiri kuitwa ndani. Kwa kawaida aliketi bila kukaribishwa.

"Dada, kabla sijabandika hili, naomba uone."

Haikupendezi akaipokea. Chumba kimoja. Picha imepigwa Jumatano, karakana ya jirani ikionekana na cheche zake. Hakuna maua. Chini ameandika: mlango unakwama mvua ikinyesha, maji ni ya kuchota, kutoka stendi ni robo saa kwa mtu mzima, nusu saa ukiwa na mizigo, ada yangu ni hii, na kuonyeshwa ni bure.

Alirudi hatua mbili nyuma na simu. Akakunja shingo. Wateja wakageuka, wifi akafunga bomba, na Dakika Tano akajishika kola.

"Hii," Haikupendezi alisema, "imekupendeza."

Dalali akaipokea simu yake kwa mikono miwili, akatoka upesi, akaenda kusimama kibarazani karibu na chungu, ameupa mlango mgongo, anajifanya anatafuta mtandao.