Mama Kulwa kaomba "kula", kapewa

Jamani, leo nimeona mtu akichekwa na darasa zima, na akashinda uchaguzi kwa kicheko hichohicho.

Ni mkutano wa wazazi, ndani ya darasa moja shuleni kwa wanangu hapa Katandala. Tunachagua mjumbe wa kamati. Mama Kulwa, Msukuma mfugaji, akasimama kujinadi.

"Nataka watoto wanywe uji wa ulezi kila siku. Naomba kula zenu."

Baba mmoja nyuma akadakia: "Kula kuko jikoni, mama!"

Darasa likalipuka kwa kicheko. Mimi nikainama kwa aibu, utadhani nimesema mimi.

Yeye akacheka nasi. Hakujisahihisha. Akangoja tutulie.

"Kaka yangu, hiyo helufi yenu kwetu Usukumani haipo. Nilikutana nayo shuleni, mpaka leo hatujazoeana. Wewe nipe kula ya mkono, nami mwanao nimpe kula ya kikombe."

Nyie! Makofi yalivyopigwa!

(Semeni ukweli, nani kati yenu asingekaa chini akanyamaza?)

Tulipoambiwa tunyooshe mikono, wa kwanza alikuwa yule baba:

"Mimi kula yangu kwa mama!"

Na hakuna aliyemsahihisha.