Salamu ya Dorah Chini ya Picha ya Kliniki

Bathsheba ndiye aliyekuwa akijibu watu kwenye ukurasa wa Facebook wa kliniki moja ndogo ya Rongo, kazi ambayo mwenye kliniki, Daktari Omanga, aliiita kupiga soga. Asubuhi moja, chini ya picha ya jengo jipya, mwanamke aitwaye Dorah aliandika neno moja tu: "Hi."

Omanga alimtambua. "Mjibu vizuri. Muulize ile mimba inaendeleaje."

"Mbele ya watu wote, Daktari?"

"Kwetu mtu hasalimiwi nusunusu, madam. Hiyo ni heshima."

"Heshima ya kipaza sauti."

Dorah alikuwa ameharibikiwa mimba mara mbili, na safari hii hakuwa amemwambia hata mama mkwe wake. Na huyu msomi, mwenye vyeti vya fremu ukuta mzima, alitaka kumtangazia soko zima.

Bathsheba akaandika: "Habari yako, karibu sana. Tukusaidie vipi? Kama ni jambo la binafsi, usiliandike hapa, tutumie ujumbe wa faragha."

"Baridi kama ugali wa jana," Omanga akacheka.

Kabla hajamaliza kucheka, Priscilla, mama mkwe wa Dorah, akaandika papo hapo: "Dorah, kwani unatibiwa hapo?"

Bathsheba akajibu: "Karibu nawe, mama. Hapa tunamsalimia kila anayepita."

Baadaye Dorah alituma ujumbe wa faragha. Alitaka tu kujua kama wanafungua Jumapili. Omanga alikuwa ameshageukia vyeti vyake, akivipangusa vumbi.