Marobota Arobaini ya Jangwani

Severine, karani mwenye miezi mitano kazini, alikuwa akijisifia mwandiko wake kuliko mshahara wake. Ndiyo maana mkuu wake wa ukaguzi wa ndani, Mama Moza, alipolitua mezani faili la kurasa mia nne na kumwambia alifupishe liwe kurasa mbili kabla ya saa tatu asubuhi, alitabasamu kama aliyepandishwa cheo. Saa sita usiku tabasamu lilikuwa limekwisha, na ofisi ya Mchafukoge ilibaki na yeye, feni mbovu na birika la chai.

Hitimisho la faili lilikuwa wazi: vitabu vya kampuni vilionyesha marobota 452 ya vitenge kwenye ghala la Jangwani tarehe 31 Desemba, hesabu ya mkono ikakuta 412. Yamepotea arobaini, mtunza ghala aachishwe kazi. Mtunza ghala ni Mzee Bakili, miaka ishirini na mbili kazini. Hakuwa ameambiwa kitu, ila aje saa tatu na funguo.

Ili kufupisha, Severine aliamua kupanga matukio ya siku ile kwa saa. Hapo ndipo ukurasa wa 58, karatasi ya hesabu ya ghala, ulipokutana na ukurasa wa 371, hati ya mzigo wa dukani. Ghala lilihesabiwa saa nne asubuhi. Duka la Kariakoo lilitoa marobota arobaini kwenda ghalani saa nane mchana, Mzee Bakili akayasaini kuyapokea saa tisa. Duka lenyewe likahesabiwa saa kumi na moja jioni. Mzigo ulifika ghalani baada ya kuhesabiwa ghala, na ulitoka dukani kabla ya kuhesabiwa duka. Vitabu viliuona, wahesabuji hawakuuona. Akafungua risiti za Januari: marobota yale yale, namba moja baada ya nyingine, yameuzwa kwa wateja. Hakikupotea kitu.

Alifurahi mpaka akapiga meza. Kisha akarudi ukurasa wa 58, kwenye kisanduku cha kuandika namba ya hati ya mwisho ya mzigo iliyoingizwa kwenye hesabu. Kitupu; kingejazwa, ingeonekana mara moja kuwa mzigo wa saa tisa haumo. Chini yake, kwa mwandiko mzuri mno, saini ya aliyehesabu ghala siku ile: yake mwenyewe.

Aliona aibu, na aliogopa. Kibarua chake hakikuwa kimethibitishwa bado. Akaandika yote, na jina lake pia.

Asubuhi Mama Moza alisoma kurasa zote mbili, akavua miwani.

“Kisanduku hiki nani kakiacha wazi?”

“Mimi, mama. Nilikuwa nawahi chipsi mayai.”

“Basi nenda kamwambie mzee mwenyewe. Ukirudi tutaongea.”

Mzee Bakili alikuwa kwenye benchi la nje, kofia magotini, funguo mkononi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

Severine akaeleza. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akazirudisha funguo mfukoni taratibu.

“Siku ile si nilikuambia usubiri gari la dukani? Ukasema una njaa.”

“Nisamehe, mzee.”

Mzee akamtazama kijana macho yake, mekundu kwa kukesha.

“Leo umekula lakini?”