Mashine Iliyolia Mbele ya Fundi Sikio

Jina lake halisi lilishasahaulika hata na shemeji zake. Wote walimwita Sikio, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi. Alitengeneza mashine za kukaushia nguo, na hakuwahi kukimbilia bisibisi. Alisimama kwanza, mikono nyuma, kichwa kimeinama upande, akiisikiliza mashine kama mtu anayesikiliza umbeya mtamu.

Mkewe alikuwa dobi walipokutana. Siku hiyo ya kwanza mashine yake iligoma kuwaka, na fundi akamwambia, "Basi lia wewe, dada. Ilikuwa inaliaje?" Binti akaona haya, akajikaza, akasema, "Gudu-gudu, gudu-gudu." Fundi alicheka mpaka akaketi kwenye ndoo. Kisha akamfundisha. Gudu-gudu nzito, inayozidi ukijaza nguo mbichi, ni magurudumu madogo yanayobeba pipa la nguo kwa nyuma. Mpira wake umeliwa upande mmoja. Pwa, pwa, pwa, kama kandambili sakafuni, ni mkanda unaozungusha pipa, umeanza kuchanika. Na kwiii yenye mkwaruzo, inayotokea mbele karibu na mlango, ni vitelezi, vile vipande laini ambavyo ukingo wa pipa huteleza juu yake. Vikiisha, chuma hukutana na chuma. Wachumba wengine hutumiana maua. Hawa walitumiana milio, na ndoa ikafungwa.

Sasa walikuwa watu wazima, na mke alikuwa na jambo moyoni. Birika lilipiga mluzi jikoni na mume hakugeuka. Simu ililia mezani, hakugeuka. Alimsemesha kwa sauti nene, akajibiwa vizuri tu. Mara kadhaa alitaka kumwambia, akameza maneno. Utamwambiaje mtu anayeitwa Sikio?

Wakaitwa kwenye nyumba ya wageni. Mke alikwenda kumshikia taa. Mashine ya hapo ilikuwa ikigonga vibaya. Sikio aliisikiliza, akachomoa waya wa umeme, akafungua, akabadilisha magurudumu ya nyuma, akarudisha pipa na mkanda. Vitelezi hakuvigusa. Ndiyo ilikuwa kanuni yake miaka yote: hakuna kugusa kifaa ambacho hakijalia. Akaiwasha, gudu-gudu ikawa imekwisha.

"Haya, mama," alimwambia msimamizi, kifua mbele. "Imetulia kama mtoto aliyeshiba."

Mashine ikalia kwiii, kali, ya kutia ganzi menoni.

Msimamizi alikunja uso. "Fundi, unanitania?"

"Nikutanie nini tena, mama?" Sikio alitabasamu, kichwa upande, akingoja sifa zake.

Mkewe alihisi machozi yakimlenga. Alimpenda mtu huyu mpaka ikamuuma. Angeweza kunyamaza, lakini kabla ya jioni msimamizi angemwita fundi mwingine, na kesho mtaa mzima ungejua. Kumsahihisha mbele ya mteja nako kulikuwa kumvua nguo hadharani. Akamsogelea, akamshika mkono, na kwa sauti nene ya chini, ile ambayo bado ilimfikia, akasema, "Baba watoto. Kwiii."

Sikio alicheka kidogo. Kisha akaacha. Alimtazama mkewe, akaitazama mashine, akamtazama tena mkewe.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mbele, karibu na mlango. Haijanyamaza tangu uiwashe."

Hakubisha. Aliizima, akachomoa waya, akafungua mlango, akaunyanyua ukingo wa pipa kwa vidole. Ulicheza juu na chini, na haukupaswa kucheza hivyo. Alipovitoa vitelezi vilikuwa vimebaki ngozi tu, na kimoja kilishatoboka. Akavishika kiganjani muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Birika nalo hulia?" aliuliza bila kuinua uso.

"Hulia, mume wangu."

"Na hukuniambia."

"Niliogopa. Sikujua nianzie wapi."

Alifunga vitelezi vipya polepole, mkewe akimmulikia. Msimamizi, mtu mwenye utu, alikumbuka ghafla kuwa ana shuka za kukunja chumba cha pili.

Mashine ilipowashwa, Sikio hakuinamisha kichwa. Aliipa mgongo kabisa, akamwangalia mkewe usoni.

"Imenyamaza?"

Mke alisikiliza. Alisikiliza mpaka pipa likazunguka mara nyingi, kwa sababu safari hii hakuna mwingine ambaye angesikia kama angekosea.

"Imenyamaza," alisema.

"Basi kazi imekwisha," akasema Sikio, akaanza kukusanya vyombo.