Tani za Kituo cha Nyuma ya Soko

Afisa wa afya wa mji alisoma pendekezo langu huku akitafuna njugu, na haki ya Mungu nilitamani kumnyang'anya zile njugu nizimwage dirishani. Nilikuwa nimekesha na kurasa zile. Yeye alifungua ya kwanza, akatafuna, akafungua ya pili, akapangusa chumvi kwa kidole.

"Mama, kwa hivyo unataka tukupe ploti ili watu walete takataka?"

"Si takataka. Vyuma, sufuria mbovu, mikebe na chupa. Watu walete wenyewe, sisi tutenganishe, tupime, halafu mnunuzi aje na lori. Jalala lenu la kule chini limejaa na mvua ikinyesha linashuka ziwani. Mnakunywa maji ya mikebe."

Akaacha kutafuna. Nilikuwa na mdomo siku hizo, na sijaubadilisha.

Hii ilikuwa Homa Bay, miaka ya tisini, wakati watu walizikwa kila Jumamosi na kila Ijumaa, na ule ugonjwa hakuna aliyeutaja jina. Mume wangu alikuwa ameenda nao. Nilimzika kwao, upande wa Migori, kisha nikakataa kurithiwa na shemeji yangu, nikafunga kibeti changu nikaja mjini kupanga chumba. Kina mama tisa wajane tukaanzisha kikundi. Kazi yetu ya pekee ilikuwa hiyo karatasi iliyokuwa mbele ya mla njugu. Baraza likikubali, ningekuwa msimamizi wa kituo na ningelipa kodi. Likikataa, nilikuwa narudi Migori, na nyumbani kule Migori nilikuwa nasubiriwa. Shemeji alikuwa ametuma ujumbe: vitu vya ndugu yake bado vimefungiwa ndani, baiskeli, sanduku na kitanda, kwa sababu mjane hayupo. Kwetu, vitu vya marehemu hugawiwa siku maalumu, jamaa wote wakiwa wamekaa. Tunaiita keyo nyinyo. Bila mjane haifanyiki. "Njoo tumalize," alisema, na mimi nilijua kumaliza kwenyewe ni kuingia nyumbani kwake.

"Gharama hizi," afisa akasema, "ni za nani?"

Nikamwonyesha. Baraza litoe ploti na nguzo za ua. Kikundi kitoe kazi. Mnunuzi, mzee mmoja Mwislamu mwenye duka la vyuma karibu na stendi, atuazime mizani ya kuning'iniza na atulipe kwa kilo. Kilichobaki ni mabati ya kibanda, mapipa yaliyokatwa nusu, glavu, buti na mshahara wa mlinzi kwa miezi sita ya majaribio. Jumla haikufika hata bei ya pikipiki kuukuu.

"Na hizi tani tatu kwa mwezi umezitoa wapi? Mbinguni?"

Nikamweleza. Nilikuwa nimezunguka kwenye magereji, hoteli na maduka nikiuliza wanatupa nini kwa wiki, nikajumlisha. Mzee wa vyuma naye alikuwa amesema wazi kwamba lori lake halisogei kwa mzigo chini ya tani tatu, mafuta si maji.

Afisa akafunga faili. "Fanyeni wiki mbili za kupima. Mkipata tani moja na nusu, napeleka kwa kamati na watapitisha. Msipopata, mama, usinisumbue tena."

Ploti aliyotupa ilikuwa nyuma ya soko, ardhi ya baraza, imezungukwa na ua mzee wa minyaa. Zamani ilikuwa boma la mtu, kabla mji haujalifikia. Boma lililohamwa halilimwi wala halijengwi ovyo, kwa hivyo imekaa tu, hata mbuzi wa soko hawaingii humo. Kwenye fomu nilijaza kwamba eneo linafaa: lori linaingia, hakuna mfereji wa kwenda ziwani, hakuna nyumba ya jirani. Yote kweli. Mwenzangu mmoja alipoingia mara ya kwanza alijishika mikono akasema, "Hapa kuna baridi." Nikamwambia avae sweta.

Wiki ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Kumbe magereji hawatupi chuma hata msumari, wanamuuzia yule mzee moja kwa moja, na mimi nilikuwa nimehesabu vyuma ambavyo tayari vilikuwa vyake! Hoteli walituletea mikebe, na mikebe ni hewa. Unajaza pipa zima, mizani haitikisiki. Chupa zilikuwa chache kwa sababu kila mtu anarudisha chupa ya soda apate pesa yake. Nililia nyuma ya kibanda, machozi ya hasira. Niliona mlango wa shemeji ukifunguka.

Halafu vitu vikaanza kuja.

Asubuhi moja tulikuta vimewekwa nje ya lango. Sufuria nne, beseni la bati, jembe, fremu ya kitanda. Tukashangilia, tukatundika mizani. Kesho yake vilikuwa vingi zaidi, keshokutwa lundo lilifika kiunoni. Vitanda, mabeseni, masanduku ya shule, majiko, pasi za makaa, baiskeli. Sindano ya mizani ilikuwa inashuka kwa heshima sasa. Kina mama wakaimba.

Mimi ndiye niliyenyamaza kwanza. Nilikuwa nimeshika sufuria nikitafuta tundu ili nijue niiweke pipa gani, na tundu sikuliona. Nikashika nyingine. Nzima. Nyingine, nzima, imesuguliwa kwa mchanga hadi inang'aa. Nani kwetu hutupa sufuria nzima? Sisi ambao sufuria ikitoboka tunaipeleka kwa fundi, ikitoboka tena tunaipandia maua? Na zote zilikuwa zimewekwa kifudifudi, moja moja, kando kando, jinsi vyombo vinavyoanikwa baada ya matanga.

"Tupime tu," mmoja akasema bila kuniangalia.

Tukapima. Nyimbo zilikuwa zimekwisha.

Nilitaka kujua, mimi na pua yangu. Siku iliyofuata nilifika kabla hakujapambazuka vizuri, ukungu wa ziwa ukiwa umelala juu ya minyaa. Nikawaona. Walikuwa wanakuja kwa mstari kupitia uchochoro wa soko, wanawake na wazee wachache, vitu vichwani, na hakuna aliyemsemesha mwenzake. Nikasema, "Oyaore!" Habari za asubuhi. Kwetu hata adui yako husalimiwa asubuhi. Hakuna aliyeitikia. Nikarudia, sauti yangu ikatoka nyembamba sana. Mmoja akavuta leso akafunika uso. Wakaweka chini, kifudifudi, wakaondoka bila kugeuka nyuma, na mimi nikabaki nimeshika lango. Niliogopa, sitaki kusema uongo. Nilitamani kukimbia.

Bibi mmoja wa mwisho, aliyechelewa kwa sababu ya mguu, alinionea huruma. Akasimama lakini uso wake ukabaki kuelekea njia.

"Vya nani, mama?" nikauliza.

"Vya nyumba ya mwanangu. Yeye, mke wake, na mdogo wake aliyeachiwa nyumba, wote wamekwenda."

"Si mgawane?"

"Na nani?" akasema. "Mtu hawezi kujigawia vya maiti peke yake. Kuvitumia kunaleta chira, laana ya kuvunja mila. Kuviacha ndani, unavisikia usiku. Hapa mnapima, vinaenda mbali vinayeyushwa, havina mwenyewe tena. Ni vizuri. Ero kamano, nyathina. Asante, mwanangu."

Akaenda. Mila zetu zina jibu la kila kitu, lakini hazikuwa na jibu la boma ambalo hakuna aliyebaki wa kugawiwa. Basi watu walikuwa wamejibunia jibu lao, na jibu lilikuwa kituo changu.

Niliwaambia wenzangu. Wawili hawakurudi kazini. Mzee wa vyuma alipokuja kukagua mzigo alisimama mbele ya zile sufuria, akasema "Innalillahi," akanawa mikono, kisha akasema atanunua, kwa sababu asiponunua vitakaa wapi?

Siku ya mwisho tulikuwa bado hatujafika tani moja na nusu. Ilibaki kidogo, kama uzito wa mtu mzima na mzigo wake. Nilifika asubuhi, na nje ya lango palikuwa na kitanda cha chuma, sanduku jeusi, na baiskeli imeegemezwa kwenye mnyaa.

Nilijua ile baiskeli kabla sijaikaribia. Keria yake ilikuwa imefungwa kwa waya wa shaba, na mimi ndiye niliyeshika taa siku mume wangu alipoufunga. Vitu vile vilikuwa vimefungiwa Migori. Havikuweza kutoka mpaka nikae na jamaa wote vigawiwe. Kama vimefika hapa, basi—

"Nilivipandisha juu ya matatu," sauti ikasema. "Konda amenitoza kama abiria watatu."

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi chini, upande wa pili wa ua, miguu ameinyoosha. Alikuwa amenyoa kichwa.

"Mama," nikasema. "Shemeji?"

"Mwezi uliopita. Na mdogo wake wiki jana. Sikukutumia habari, ningemtuma nani?" Akaniangalia bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. "Nimesikia kwa watu wa Rongo kwamba unapokea. Tumebaki wawili, mimi na wewe. Kaa."

Nikakaa. Akafungua kengele ya baiskeli kwa kidole gumba, taratibu, akanipa. Kutoka kwenye sanduku akachukua kikombe cha chai cha mwanawe, akakiweka mapajani mwake. "Basi," akasema. "Tumegawana. Sasa pima."

Nikapima. Tulizidi tani moja na nusu kwa kilo chache.

Afisa hakula njugu siku hiyo. Kamati ilikuwa imekubali, akasema, pongezi. Kilichobaki ni mimi kujaza makisio mapya ya miezi sita kulingana na majaribio. Nikachukua kalamu yake nikaandika tani moja kwa mwezi. Akashtuka. "Mama, umepata tani moja na nusu kwa wiki mbili! Kwa nini unajipunja? Lori litakuja mara moja kwa miezi mitatu!"

"Lije kwa miezi mitatu."

"Lakini hiyo si hesabu."

"Si hesabu," nikamwambia. "Ndiyo ninayomwomba Mungu."

Akaivuta karatasi kwake. Mkononi alikuwa na alama ya utepe mweusi wa msiba uliovuliwa karibuni, na mimi sikumuuliza ni wa nani. Akapiga muhuri.

Nikarudi chumbani, ambako mama mkwe alikuwa ameshawasha jiko. Nilikuwa nimebaki Homa Bay, kama nilivyotaka.

Lori lilijaa kabla ya mwezi wa kwanza kwisha.