Mwanya Usiokuwamo

Jambo la kwanza unaloligundua kwa mtafsiri huyu ni vidole vyake. Ukimkuta amekaa kimya, utaviona vinagonga ukingo wa meza, mara nane, halafu vinatulia, halafu nane tena. Zamani havikuwa hivyo. Kwa miaka kumi na miwili kazi yake imekuwa kutafsiri karatasi za maelezo ya dawa kutoka Kifaransa, na humo hakuna mizani wala vina. Kidonge kimoja ni kimoja, hakiongezwi kijiko ili sentensi ipendeze.

Vidole vilianza siku mwimbaji mmoja alipomletea wimbo wa mapenzi wa Kifaransa autie katika Kiswahili. Mkewe, fundi cherehani, aliviona akaendelea kushona. Lakini asubuhi moja, akifuta meza, alikuta karatasi yenye safu mbili. Ya kushoto iliandikwa "Maana":

Umeacha taa ikiwaka, sijui niifanye nini. Siizimi, usije ukarudi ukapotea gizani. Moyo wangu bado uko kwako, nalikumbuka tabasamu lako.

Ya kulia iliandikwa "Wimbo":

Taa uliyoiacha, sijui la kuifanya,
Siizimi hata kucha, giza linakuchanganya,
Moyo haujakuacha, nakumbuka wako mwanya.

Fundi alisoma mstari wa mwisho mara tatu. Kisha akaenda kwenye kioo, akafungua mdomo. Meno yake yalikuwa yamebanana kama mshono wa cherehani. Mwanya hana. Anayemfahamu mwenye mwanya ni yule dada wa duka la dawa, anayeleta karatasi za kutafsiriwa kila Jumanne na kucheka hata pasipo na cha kuchekesha.

Alichukua wimbo wenyewe wa Kifaransa akampelekea shangazi yake, mwalimu mstaafu wa Kifaransa.

"Shangazi, humu kuna meno?"

Shangazi alivaa miwani, akasoma polepole. "Kuna tabasamu. Meno hayamo, mwanangu. Ameyatia nani?"

"Ndilo ninalotaka kujua."

Mchana alimwekea mumewe chakula, akaiweka na karatasi kando ya sahani.

"Baba watoto, mwanya ni wa nani?"

Mtafsiri alitazama karatasi, akatazama sahani. "Wa kina. Mistari yote inaishia nya. Tabasamu haliingii. Nipe wewe neno lenye nya."

"Nyanya," alisema fundi. "Nakumbuka zako nyanya. Mizani nane, nimehesabu."

Mume alicheka. Mke hakucheka.

"Na kwa nini iwe nya? Ungeanza na mu. Hamu, tamu, salamu. Nakumbuka tabasamu! Hiyo nayo nane. Neno lenyewe lilikuwa mkononi mwako ukaliacha, ukaenda kutafuta meno ya watu."

Vidole vya mtafsiri viligonga ukingo wa meza, nane, halafu nane tena. Mwishowe mume alivuta kalamu akaandika mbele yake:

Taa uliyoiacha, naitazama kwa hamu,
Siizimi hata kucha, mwanga wake ni mtamu,
Moyo haujakuacha, nakumbuka tabasamu.

"Nilianza na hii," alisema. "Tabasamu limepona. Sasa soma mstari wa pili. Haizimi taa kwa nini?"

Fundi alisoma. "Kwa sababu mwanga ni mtamu."

"Amekuwa nondo? Yule anaogopa mwenzake atarudi apotee gizani. Wimbo mzima umesimama juu ya taa hiyo. Kwa mu napoteza giza. Kwa nya napoteza tabasamu. Nikaona bora nipoteze tabasamu."

Fundi alijaribu mwenyewe kulirudisha giza ndani ya mu. Aligonga meza mpaka mchuzi ukapoa. Kila alipopata giza, mizani ilizidi. Kila alipopunguza mizani, kina kiliponyoka. Alianza kumwamini mumewe kuhusu taa. Kuhusu mwanya, bado. Tabasamu lingeweza kupotea likaja shavu, likaja sauti. Lilikuja pengo kati ya meno mawili.

"Shavu halina nya," alisema mume, kana kwamba amesikia.

"Mpelekee mwimbaji zote mbili. Achague yeye, na wewe usimshawishi."

Zilipelekwa zote mbili. Mwimbaji alijibu kwamba ameshachagua na kurekodi, ila hasemi ni ipi. Wataisikia redioni Jumamosi saa kumi jioni.

"Shangazi atakuja kusikiliza," fundi alimwambia mumewe. "Na yule dada wa dawa nimemwalika."

"Huyo wa nini tena, mama watoto?"

"Atusaidie kuhesabu mizani."

Leo ni Alhamisi. Viti vinne vimeshapangwa kuizunguka redio, na kimoja fundi amekigeuza kiwatazame wengine watatu usoni. Hicho ni chake. Mstari wa tatu utakapofika, hataitazama redio.